Katuni yako fupi imeisha, sasa unaitumaje festivali ukiwa Uganda

Kama umemaliza katuni yako ya dakika sita saba hivi na uko Kampala, Gulu, Mbarara au popote pale Uganda, tafadhali usiiweke YouTube kwanza. Najua raha ya kuonyesha watu kazi yako siku hiyohiyo, lakini ziko festivali ambazo sheria zake zinakataa filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni, na ukishaiweka wazi watu elfu tano wakaiona huwezi kusema haikuonekana. Weka trela ya sekunde thelathini wakati unasubiri majibu, inatosha.

Kitu kingine cha kufikiria kabla hujatuma popote ni tarehe ya kumaliza. Kwenye fomu utaulizwa filamu ilikamilika lini, na festivali nyingi zinapokea tu filamu zilizokamilika ndani ya mwaka mmoja au miwili iliyopita, yaani saa inaanza kuhesabu pale unapoandika hiyo tarehe. Kwa hiyo filamu haijakamilika mpaka sauti imemiksiwa na majina ya mwisho yameingia, usikimbilie kuandika tarehe ya ile kopi ya kwanza uliyowaonyesha marafiki, maana unajinyima miezi bure. Ila pia usidanganye, andika tarehe ya kopi ya mwisho kabisa, kwenye fomu zote iwe ileile.

Tuchukue filamu ya mfano twende nayo mpaka mwisho. Tuiite Redio ya Jaja. Ni 2D, dakika 7 na sekunde 20 pamoja na majina ya mwisho, wahusika wanaongea Kiganda, imetengenezwa na watu wanne Kampala kwa pesa yao, halafu shirika moja la mazingira likawasaidia kompyuta na umeme wa sola. Bajeti ya kutuma festivali ni shilingi 370,000, ambayo tukichukulia dola moja ni shilingi 3,700 inakuwa dola 100. Si pesa nyingi lakini inatosha ukipanga.

Kwanza, kipengele

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza nafasi bila kujua, kwa sababu wanaona neno animesheni wanabonyeza tu. Festivali za animesheni zenyewe, kwa mfano Annecy kule Ufaransa ambayo hufanyika kila Juni, hazina kapu moja la katuni, wanagawa: filamu fupi, filamu za wanafunzi, filamu za televisheni, halafu kuna filamu za kuagizwa, yaani kazi ambayo mteja alikuja na ujumbe wake akakulipa umtengenezee. Hiki cha mwisho kinatuhusu sana sisi huku, maana katuni nyingi zinazotengenezwa Uganda zimelipiwa na mashirika, kuhusu malaria, kuhusu kunawa mikono, kuhusu wasichana kubaki shule.

Sasa Redio ya Jaja inaingia wapi? Shirika limesaidia vifaa, nembo yake iko mwishoni, je hiyo ni ya kuagizwa? Hapana. Swali la kujiuliza ni nani alileta hadithi na nani alikuwa na neno la mwisho kwenye kopi ya mwisho. Kama hadithi ni yenu na shirika halikubadilisha kitu, hiyo ni filamu fupi ya kawaida, ingiza huko. Lakini kama shirika ndilo lililosema tunataka filamu ya mafuriko, lazima itaje kampeni yetu, ikae dakika mbili, basi iweke kwenye za kuagizwa bila aibu, huko utashindana na kazi za aina yako. Ukiipeleka kwenye filamu fupi mchaguaji ataona ile sentensi ya ujumbe mwishoni na nembo saba, ataitambua mara moja, na hawezi kukuhamishia, ataiacha tu.

Kipengele cha mwanafunzi ni cha filamu iliyotengenezwa ukiwa chuoni kama kazi ya chuo, na mara nyingi wanataka jina la chuo na wakati mwingine barua. Kujifunza Blender mwenyewe nyumbani hakukufanyi mwanafunzi kwenye fomu, hata kama kweli ulikuwa unajifunza.

Festivali za jumla ni tofauti kidogo. ZIFF ya Zanzibar kwa mfano si ya katuni peke yake, inachukua filamu za aina zote, na kwetu ina faida kwamba iko karibu na watazamaji wake wanaijua mitaa kama yetu. Kwa nyumbani kuna Uganda Film Festival ya UCC. Huko soma fomu uone kama animesheni ina kipengele chake au inachanganywa na filamu fupi zote, kwa sababu ikichanganywa unashindana na drama za waigizaji na urefu wako unaanza kuwa na uzito. Wapangaji wanajaza onyesho la saa moja na nusu hivi kwa filamu fupi kadhaa, na filamu ya dakika 7 inaingia popote, ile ya dakika 22 inabidi iwe nzuri kuliko tatu zingine ambazo zingekaa kwenye nafasi yake. Kwa hiyo kama una sekunde arobaini za jua linachomoza ambazo hazisemi kitu, zikate kabla hujatuma.

Na tafadhali, kipengele kimoja kwa festivali moja. Ukiona ukurasa unakuuzia vipengele thelathini, mwongozaji bora, muziki bora, bango bora, kila kimoja na ada yake, hapo unauziwa tiketi za bahati nasibu.

Ada, na namna ya kuzilipa ukiwa huku

Festivali nyingi zinapokea kupitia tovuti ya FilmFreeway, unafungua akaunti bure, unajaza ukurasa wa filamu mara moja halafu unatuma kwa festivali nyingi ukurasa uleule. Nyingine zina fomu zao wenyewe. Ada ni ya kila festivali na inapanda kadiri dedlaini inavyosogea, kuna ya mapema, ya kawaida, ya kuchelewa, hata ile ya mwisho kabisa ambayo ni kama faini. Filamu ni ileile, wachaguaji ni walewale, umelipa zaidi kwa sababu ya kuchelewa tu. Na ada ikishalipwa hairudi, hata ukikataliwa.

Twende kwenye hesabu ya Redio ya Jaja, bei hizi ni za mfano tu ila zinafanana na unazozikuta. Tuseme festivali moja mliyoipata haitozi ada kwa filamu fupi, hiyo ni sifuri, weka ya kwanza kwenye orodha. Halafu mmechagua festivali tatu za kulipia, bei ya mapema ni dola 20, 25 na 30, jumla 75, sawa na shilingi 277,500, mnabakiwa na 92,500 ya makato ya benki na bando la kupandisha faili. Festivali zilezile tatu mkisubiri dedlaini ya mwisho zinakuwa 35, 45 na 55, jumla dola 135, shilingi 499,500, tayari mmetoka nje ya bajeti na hamjapata chochote cha ziada. Chukua karatasi au simu, andika festivali, tarehe ya dedlaini ya mapema na bei yake, na uangalie saa, maana dedlaini nyingi ziko kwa saa za huko kwao na si saa za Kampala.

Malipo ni kwa kadi, pesa ya simu moja kwa moja mara nyingi haikubaliki. Kadi yoyote ya Visa au Mastercard inafaa mradi benki imekufungulia malipo ya mtandaoni na ya dola, na hilo uwaulize wiki moja kabla, usigundue usiku wa dedlaini kwamba imekataa. Benki pia inabadilisha dola kwa bei yake na inaweka makato juu, ndiyo maana nimewaachia kile kiasi cha 92,500.

Halafu kuna kuomba waiva, yaani wakusamehe ada. Si kila festivali inakubali lakini kuuliza ni bure, na siri yake ni kuuliza mapema, ofisi ikiwa bado haijazidiwa. Andika imeli fupi kwa Kiingereza, yenye mambo haya kwa mpangilio huu: wewe ni nani na uko wapi, filamu inahusu nini kwa sentensi moja, ni ya dakika ngapi, linki na paswedi, halafu sentensi moja ya ombi. Usiandike ukurasa mzima wa umaskini wa Afrika, hawahitaji hilo na filamu yako haihitaji hilo. Kitu kama: sisi ni timu ya watu wanne Kampala, tumemaliza filamu ya 2D ya dakika 7 kwa pesa yetu, tungependa sana kuileta kwenu lakini ada iko nje ya uwezo wetu, je mnaweza kutupatia msimbo wa waiva? Wakikubali wanakutumia msimbo unauingiza wakati wa kulipa na ada inashuka au inaondoka. Wakikataa, washukuru, amua kama unalipa.

Kujua kama festivali inastahili pesa yako, fungua programu yao ya mwaka jana. Kuna ukumbi wenye jina na anwani? Kuna orodha ya filamu na saa zake? Kuna katuni ngapi humo ndani? Kama wana filamu themanini na katuni ni moja tu, dola zako peleka kwingine. Na kama ni ile ya kila mwezi, hakuna ukumbi, washindi mia mbili, halafu kombe unalinunua mwenyewe, funga huo ukurasa.

Sinopsi

Sinopsi ni muhtasari wa hadithi ya filamu yako. Iandike kwanza kwa lugha unayoota nayo, Kiswahili au Kiganda, halafu ndipo uitafsiri Kiingereza na umpe mtu mwingine aisome. Ukianza kwa Kiingereza moja kwa moja utaishia na maneno ya ripoti za mashirika. Hii hapa ndiyo aina ninayoiona sana: "Filamu hii inazungumzia umuhimu wa familia, upendo na athari za mabadiliko ya tabianchi katika jamii zenye kipato cha chini." Soma tena uniambie umeona nini kichwani. Hakuna mtu, hakuna mahali, hakuna kinachotokea. Inaweza kuwa filamu elfu.

Sasa ya Redio ya Jaja: "Bwaise, Kampala. Mvua ya usiku mmoja imejaza maji hadi dirishani. Suubi, miaka 10, ameokolewa na majirani, lakini redio ya bibi yake imebaki ndani, na ndani ya redio kuna kaseti yenye sauti ya babu. Kwa jerikeni nane na kamba ya nguo anaunda chelezo na kurudi peke yake kwenye nyumba iliyozama." Hayo ni maneno 49. Kuna nani, yuko wapi, anataka nini, nini kinamzuia, na anaanza kufanya nini, halafu tumeacha palepale mlango unapofunguka, kama kaseti imepona au imeharibika hatusemi kwa sababu sinopsi fupi ndiyo inayochapishwa kwenye katalogi na mtazamaji ataisoma akiwa foleni. Mabadiliko ya tabianchi hayajatajwa na bado yamo, maji yako dirishani.

Andaa tatu za urefu tofauti ukae nazo kwenye faili moja: sentensi moja, maneno hamsini, na ya aya moja ndefu kwa wale wanaotaka hadithi nzima, hiyo ndefu ndiyo unaweza kusema mwisho. Ya sentensi moja ya filamu yetu ni "Mtoto wa Bwaise anarudi kwa chelezo cha jerikeni kwenye nyumba iliyofurika ili kuokoa redio iliyobeba sauti ya babu yake." Usiandike "ya kusisimua" wala "ya kugusa moyo", hilo ni la mtazamaji kusema. Na majina ya pekee kama Bwaise yaache yalivyo, ongeza tu Kampala ili mtu wa mbali ajue ni wapi.

Bango

Kosa kubwa la bango la katuni ni kuchukua fremu nzuri kutoka kwenye filamu na kuivuta. Piga hesabu: fremu ya HD ina upana wa pikseli 1920, ukiichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi inatoka sentimita 16 na kidogo tu, wakati A3 ina upana wa karibu sentimita 30. Ukiivuta ijaze, mistari yako yote inakuwa ukungu. Zaidi ya hapo fremu ya filamu imelala na bango linasimama. Kwa hiyo chora upya, wima, mhusika wako huyohuyo na rangi hizohizo, kwenye faili la A3 la pikseli 3508 kwa 4961, na utunze leya zote, kwa sababu festivali ikikuchukua inaweza kukuomba picha hiyohiyo bila maandishi.

Ukimaliza, lipunguze kwenye simu mpaka liwe na upana wa kidole gumba na umpe mtu asiyeijua filamu. Kwenye FilmFreeway na kwenye orodha za festivali ndivyo litakavyoonekana, dogo vile. Akisoma jina na kutambua kwamba kuna mtoto juu ya jerikeni majini, bango limefaulu. Kama anaona bluu tu, ongeza ukubwa wa jina na upunguze vitu. Nembo za waliosaidia ziende chini kabisa kwa udogo, na ile alama ya majani ya festivali weka ukishachaguliwa tu, acha nafasi tupu juu au pembeni kwa ajili hiyo.

Kopi ya mtandaoni iwe JPG ya RGB. Ya kuchapisha ni CMYK na uongeze milimita 3 kila upande za kukatwa, na ukienda Nasser Road kuchapisha omba wakutolee moja kwanza uione kabla hujalipia hamsini, maana ile bluu ya usiku inayong'aa kwenye skrini hugeuka kijivu kwenye karatasi. Pamoja na bango toa picha tatu mpaka tano kutoka kwenye filamu, hizi ndizo fremu zenyewe, ukubwa kamili, bila maandishi ya tafsiri chini.

Skrina

Skrina ni ile kopi ambayo wachaguaji wanaitazama, pengine kwenye laptopu, pengine wakiwa wameshaona filamu kumi kabla ya yako. Haina haja ya kuwa DCP, hilo ni faili la kuonyeshea ukumbini na utaombwa ukishachaguliwa. Inatakiwa kufunguka kila mahali, isikike, na ieleweke kwa asiyejua Kiganda.

Toka kwenye programu yako na masta nzito, ProRes kwa mfano, halafu kutoka hiyo tengeneza MP4. Mimi natumia ffmpeg, amri ni hii:

```
ffmpeg -i masta.mov -vf "subtitles=kiingereza.srt" \
 -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -b:a 320k -movflags +faststart skrina.mp4
```

Ile sehemu ya `subtitles` inachoma tafsiri ya Kiingereza ndani ya picha yenyewe, kwa sababu ukituma SRT pembeni kuna mchaguaji hataiwasha na atatazama filamu yako kama bubu. `yuv420p` usiiache, bila hiyo masta ya ProRes inaweza kutoa MP4 ya rangi za biti 10 ambayo kwako inacheza vizuri na kwa mwingine inatoa sauti tu, skrini nyeusi. `faststart` inafanya video ianze kucheza kabla haijashuka yote. Faili likitoka kubwa mno kwa bando lako, panda `crf` hadi 20, tofauti utaiona kidogo sana.

Katuni ina ugonjwa wake ambao filamu za kamera hazina sana: anga la usiku ulilolipaka rangi taratibu kutoka bluu nyeusi hadi nyepesi, kwenye MP4 linakatika mistari mistari kama ngazi. Angalia tukio la Suubi juu ya maji usiku, kwenye giza, skrini nzima. Ukiona ngazi, ongeza chenga kidogo sana juu ya picha kabla ya kutoa, hata ndani ya amri hiyohiyo, andika `noise=alls=4:allf=t,` mbele ya `subtitles`, chenga zinavunja ile mistari na jicho halizioni. Faili litaongezeka ukubwa kidogo, kubali.

Usianze filamu na nembo za sekunde ishirini, na usiweke neno la kuzuia wizi katikati ya picha, linaharibu uchoraji wako mwenyewe. Pandisha moja kwa moja FilmFreeway au weka Vimeo yenye paswedi, na hiyo paswedi usiibadilishe mpaka majibu yote yarudi, hata kama ni mwaka mzima, maana wachaguaji wengine wanarudi kutazama mara ya pili miezi mitatu baadaye. Ukirekebisha kitu, badilisha faili chini ya linki ileile, usitengeneze linki mpya.

Kabla hujabonyeza kutuma, chukua simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako, tumia data si waifai yako, fungua linki, andika paswedi, tazama yote mpaka majina ya mwisho na hefoni masikioni. Hapo ndipo utagundua paswedi ina herufi kubwa uliyosahau kuandika kwenye fomu, au sauti inatoka sikio moja. Halafu linganisha urefu unaouona na ule ulioandika kwenye fomu, 7:20 iwe 7:20, jina la filamu liwe na herufi zilezile kwenye bango, kwenye skrina na kwenye fomu. Ikiwa sawa, tuma, na ile masta itunze kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, kwa sababu siku wakikuchukua wataiomba na huwa wanakupa siku chache tu za kuipeleka.